Jirani Akishusha Bei ya Kioo

Bango limetundikwa maduka manne tu kutoka kwako: kubadilisha kioo, elfu hamsini. Wewe kwa kazi hiyohiyo unatoza sitini, na umeitoza muda mrefu bila mtu kulalamika. Kufika Jumamosi, mteja wako wa siku zote anakuuliza kwa nini unamlangua. Mafundi wengi wakifika hapo hushusha bei jioni ileile. Jirani naye anaona, anaandika arobaini na tano. Wiki chache baadaye wote wawili mnafanya kazi kutwa nzima na hakuna mwenye hela ya kwenda kununua mzigo Kariakoo.

Kabla hujagusa bei yako, keti na kalamu. Namba nitakazotumia ni za mfano tu, wewe weka za duka lako. Chukua simu moja ya bei ya kati ambayo watu wa mtaani kwako wanaivunja sana. Kioo chake unakinunua kwa jumla shilingi 38,000. Gundi, nauli ya bodaboda na vitu vidogovidogo vya kazi hiyo, weka 2,000. Ukitoza 60,000 unabaki na 20,000. Tuseme kwa mwezi unafunga vioo 40 vya aina hiyo, basi mkononi una 800,000. Humo utoe kodi ya fremu 200,000, umeme na bando 50,000, na posho ya kijana anayekusaidia 200,000. Jumla ya gharama ni 450,000, na zinazobaki 350,000 ni zako.

Sasa shusha bei iwe 50,000 kama ya jirani. Kioo hakijashuka, nauli haijashuka. Kinachobaki kwa kila simu ni 10,000. Hata kama hujapoteza mteja hata mmoja, vioo 40 vinakupa 400,000, na hapo kodi, umeme na kijana havijalipika. Bei imeshuka kwa moja ya sita, lakini faida yako kwa kila simu imekatwa katikati. Ili urudi kwenye zile 800,000 unatakiwa ufunge vioo 80, na mtaa hauvunji simu mara mbili zaidi kwa sababu wewe na jirani mmegombana.

Geuza hesabu hiyo upande wa pili. Umekaa kwenye 60,000 na wateja 15 kati ya 40 wamekukimbia. Waliobaki ni 25, wanakupa 500,000. Gharama zimelipika na kuna 50,000 juu. Ni kidogo, inauma, lakini ni zaidi ya ambayo ungepata kwa kuwashika wote 40 kwa bei ya jirani. Mpaka wateja 20 waondoke, yaani nusu nzima, ndipo unakuwa sawa na yule aliyeshusha. Na hata ukifika hapo, umefanya kazi nusu ya alizofanya yeye, na mchana wako uko wazi kwa kazi nyingine.

Hesabu hii inakupa muda. Huhitaji kujibu leo wala kesho. Utumie muda huo kujua jirani anauza nini hasa kwa hiyo elfu hamsini.

Mwenye kazi hii anajua kwamba neno "kioo" linabeba bidhaa tofauti sana. Kwa simu moja, msambazaji mmoja wa Kariakoo anaweza kukuwekea mezani vioo vya aina tatu, na bei ya juu ikawa mara mbili ya bei ya chini. Kipo kilichotolewa kwenye simu iliyokufa bodi, kipo kilichotengenezwa vizuri na kiwanda kingine, na kipo cha kopi nyepesi. Mteja akivitazama vimezimwa havioni tofauti. Mfano unaoeleweka haraka ni Samsung Galaxy A51. Simu hiyo ilitoka na kioo cha OLED, ambacho kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe, na kisoma alama ya kidole kimewekwa chini ya kioo, kinachungulia kidole kupitia humohumo. Kopi ya bei rahisi ni LCD yenye taa ya nyuma. Taa hiyo na tabaka zake zinakiziba kisoma kidole, hivyo alama ya kidole haifanyi kazi tena. Rangi nyeusi gizani inaonekana kijivu, na mara nyingi kioo chenyewe ni kinene kidogo, hakilali vizuri kwenye fremu.

Ukijua hivyo, bango la elfu hamsini linasomeka vingine. Tuseme jirani ananunua kopi kwa 28,000, akaongeza 2,000 ile ile ya gundi na nauli. Akitoza 50,000 anabaki na 20,000, sawasawa na wewe. Yeye hajapunguza faida yake hata senti. Amepunguza kioo. Wewe ukimfuata bei huku unafunga kioo chako cha 38,000, unapigana vita peke yako, kwa sababu mwenzako hayuko vitani.

Utajuaje? Usimtume mtu kwenda kumpeleleza, haina haja. Simu zake zitakuja zenyewe mezani kwako, kwa betri, kwa spika, kwa tundu la chaji. Ikija, muombe mteja uiwashe, uiweke kwenye picha nyeusi tupu na uifunike kwa kiganja. Ikiwa ni simu iliyotoka kiwandani na OLED na sasa weusi unang'aa kijivu, jibu unalo. Kwa Samsung piga `*#0*#`, ukurasa wa majaribio utafunguka: ona kama nyekundu, kijani na bluu zimejaa bila doa, kisha chora kwa kidole kwenye jaribio la mguso mpaka pembeni kabisa, maana kopi nyingi huanza kufa mguso kwenye kingo. Tazama pia gundi. Gundi ya B-7000 inahitaji siku nzima au zaidi kushika sawasawa, na kwa saa za mwanzo simu ibanwe kwa vibanio au raba. Fundi anayemtoa mteja dakika ishirini huwa amebandika kwa gundi kali ya dukani, ile ya papo kwa papo, au kioo kimeanza kuinuka kona moja. Muulize mteja, kwa upole, alipewa waranti ya muda gani. Ukisikia "walijaribu palepale, ikawaka, basi," umeshajua bei ya jirani imepunguziwa wapi.

Kuna uwezekano mwingine, nao usiudharau. Huenda kioo chake ni kizuri kama chako na waranti anatoa. Hapo ama anakula mtaji wake makusudi ili ajaze watu, na mtu wa namna hiyo huwa anauza kava, chaja na kinga za kioo kwa bei ya kurudishia, au ananunua kwa bei ambayo wewe huijui. Hili la pili ndilo la kuogopa. Mafundi wengi wa pembeni ya mji wananunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Chukua asubuhi moja, nenda Kariakoo mwenyewe, uliza bei ya kioo kilekile kwenye maduka kadhaa, na uliza bei ya kimoja na bei ya kumi. Ukikuta unalanguliwa elfu nne au tano kwa kila kioo, tatizo lako halikuwa jirani. Mnaweza kuungana mafundi watatu wa mitaa tofauti mkanunua mzigo pamoja. Ila msikae kikao cha mtaa mzima mkakubaliana kwamba hakuna kufunga kioo chini ya elfu sitini. Wazo hilo hutolewa sana, na kwa Tanzania ni kosa: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei kwa makubaliano.

Turudi kwenye hali iliyo ya kawaida zaidi, jirani anafunga kopi. Usimtangaze vibaya. Mteja akisikia fundi anamponda fundi mwenzake anaona wivu tu, na wengine wataenda kumwambia. Fanya jambo ambalo linamwacha mteja aone mwenyewe: uza madaraja yote mawili, kwa majina tofauti na bei tofauti, yakiwa yameandikwa ukutani.

Kwenye duka letu la mfano, daraja la kawaida linanunuliwa 28,000 na unalifunga kwa 50,000 kama jirani, waranti siku saba. Daraja la kwanza linanunuliwa 38,000, unalifunga kwa 62,000, waranti miezi mitatu. Kila moja linakuachia zaidi au sawa na ulichokuwa unapata. Chukua simu mbili mbovu za aina moja, moja ifunge kioo cha kawaida, nyingine cha daraja la kwanza, ziwashe pamoja juu ya meza zikionyesha picha ileile. Ukipata simu ambayo tofauti yake inaonekana nje kwenye jua, ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu mteja wa bodaboda anaisoma simu yake juani.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji maneno mengi. Mteja anaingia:

"Kaka, pale kwa jirani yako ni elfu hamsini."

"Na hapa ipo ya elfu hamsini, mama. Hii hapa. Na hii ya elfu sitini na mbili. Zishike zote mbili."

"Tofauti yake nini?"

"Hii mwanga wake mdogo, na nakupa waranti wiki moja. Hii nakupa miezi mitatu, ikizingua bila kuanguka wala kuingia maji, unaleta nabadilisha bure. Simu unaitumia kwa kazi gani?"

Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Mtu anayetaka kuiuza simu mwisho wa mwezi, au anayehitaji ipokee tu simu na miamala mpaka apate mpya, mfungie daraja la kawaida kwa moyo mweupe. Hajadhulumiwa, amechagua. Mtu anayefanyia simu biashara, anayepiga picha za bidhaa na kuzituma kutwa, ataamua mwenyewe kuchukua ya juu. Na kama simu ni ile ambayo kopi itamnyima alama ya kidole, mwambie kabla hujaifungua, na uandike kwenye risiti kwamba ameambiwa. Ugomvi mwingi wa kibandani unaanzia hapa. Mtu alilipa kidogo, akasahau alichoambiwa.

Kuhusu waranti, mafundi huiogopa kwa sababu hawajaipigia hesabu. Kioo kikirudi na ukakibadilisha kwa hela yako, umetoa 40,000. Kwa kazi zinazokuachia 20,000, rudio moja limekula kazi mbili. Kwa aliyeshusha bei mpaka anabaki na 10,000, limekula nne. Kama anarudishiwa simu moja katika kila tano, kazi tano zilizompa 50,000 zimemwachia 10,000, elfu mbili kwa kila simu, na muda wa kazi ya sita hajalipwa. Naye anayefunga kopi, ambazo hurudi zaidi, hawezi kukuiga miezi mitatu. Akiiga, marudio yatamla. Wewe unaweza, iwapo tu marudio yako ni machache, na uchache huo unatengenezwa mezani kabla kioo hakijabandikwa.

Unganisha kioo kipya kwenye bodi kikiwa bado na karatasi yake ya juu, kabla ya gundi yoyote. Jaribu rangi, jaribu mguso kote, piga simu uone kama kioo kinazima ukiweka sikioni. Kikiwa na kasoro, kirudishe hivyohivyo, maana wasambazaji wengi hawapokei kioo kilichobanduliwa karatasi au kilichokunjwa waya wake bapa. Kikipita, andika tarehe kwa kalamu ndogo kwenye mgongo wa kioo, pale ambapo hapaonekani mpaka simu ifunguliwe. Angalia betri: ikiwa imeanza kuvimba itakisukuma kioo kipya kutoka chini, na mteja atarudi akisema kioo chako kimebanduka. Mwambie abadilishe betri, la sivyo andika kwamba amekataa na waranti haipo. Kwenye risiti weka namba ya IMEI, inayopatikana kwa kupiga `*#06#`, ili isije ikaletwa simu ya shemeji yake kwa waranti ya simu yake. Kisha andika kwa lugha ya kawaida kisichohusika: kuanguka, kukaliwa, maji, na simu iliyofunguliwa na fundi mwingine. Mteja ajaribu simu mbele yako, ndipo atie saini.

Simu zilizopitia kwa jirani zitaanza kukujia ndani ya wiki chache, na hizi zina mtego wake. Mtu amelipa 50,000 pale, hajaridhika, anataka wewe umalize kwa 10,000. Usifungue simu ya namna hiyo bila kutoza hela ya ukaguzi, hata iwe 5,000, inayokatwa kwenye bei akikubali kazi. Fungua mbele yake. Hesabu skrubu, kwa sababu skrubu ndefu iliyowekwa kwenye tundu fupi huweza kukata njia ndani ya bodi, na wewe ukiigusa simu hiyo bila kuiona, ni wewe uliyeua bodi. Piga picha ya ulichokikuta. Ukikuta waya wa kidole umekatwa au kiunganishi kimeungua, mwonyeshe, usiseme ni nani, yeye anajua alikotoka.

Bado iko hali moja ambayo yote niliyosema hayaitatui. Jirani ni mwenye mzigo mwenyewe, ana ndugu anayeagiza kutoka China, na kioo kizuri unachonunua 38,000 yeye kinamfikia kwa bei ambayo hutaigusa kamwe. Hapo kwenye vioo umeshindwa, na kushindwa mapema ni nafuu kuliko kushindwa baada ya kula mtaji. Acha kuweka akiba ya vioo dukani, hela iliyolala kwenye rafu ihamie kwingine. Mteja akitaka kioo, mwambie anunue popote, hata kwa jirani, na wewe ufunge kwa bei ya ufundi, tuseme 20,000 ileile uliyokuwa unabaki nayo. Waranti hapo ni ya ufungaji tu. Kioo chenyewe kikizima, kinarudi kwa aliyekiuza, na hilo liandikwe.

Halafu nenda ukamsalimie. Muuza vioo wa namna hiyo mara nyingi hana mtu wa bodi. Akiletewa simu iliyoingia maji, isiyochaji ingawa tundu jipya limefungwa, au inayopata moto upande mmoja, anamrudisha mteja au anampeleka mjini. Kama una hadubini na hewa ya moto, na umeshazoea kutafuta shoti kwenye njia za umeme, hizo ni kazi zako. Mpe bei ya fundi, chini ya ile ya mteja wa mlangoni, yeye aongeze cha kwake juu. Masharti yawe mawili ya lazima: analipa simu inapotoka, si mwisho wa wiki, na simu ya maji haina waranti, maana kutu huendelea kula chini ya vipande hata baada ya kusafishwa. Kioo chake hakiwezi kushindana na kazi ya bodi, kwa sababu hakuna atakayeandika bei yake kwenye bango kabla simu haijafunguliwa.

Kama jirani yako ni wa kopi tu, weka daftari la miezi miwili tangu bango lilipotundikwa. Kila siku andika vioo vya kila daraja, marudio, na wateja waliouliza bei wakaondoka. Kwenye duka letu la mfano, gharama za 450,000 zinahitaji vioo 23 kwa mwezi vinavyoacha 20,000 kila kimoja. Ukiwa juu ya hapo, usiguse bei yako, hata jirani akiandika arobaini. Ukiwa chini kwa miezi yote miwili na kazi nyingine hazijazi pengo, anza na kodi kabla ya bei: zungumza na mwenye fremu, au gawana fremu na muuza vocha au mchapishaji picha alipe nusu. Kodi ikishuka kwa 100,000, vioo 18 vinatosha, na hakuna bei uliyoibandika ukutani ambayo itabidi umweleze mteja kwa nini imepanda tena.